Fomu iliyotangulia mkono: Tunavyozikosea salamu za Meru na Embu

Anayesafiri kutoka Embu kwenda Meru kwa matatu husikia redio mbili njiani. Akiwa upande wa Embu, dereva hufungua Wimwaro FM. Akishavuka mto Thuci na kuukaribia Meru, dereva yuyo huyo huhamia Muuga FM. Majina yote mawili ni salamu. Wimwaro ni Kiembu, maana yake ni kama kumwambia mtu ‘u mzima?’ au, kwa Kiswahili cha barabarani, ‘uko mzuri?’ Muuga ni neno ambalo Mmeru huanza nalo akikutana na mwenzake. Wenye vituo hivi hawakuchagua jina la mlima, wala la mto, wala la shujaa. Walichagua neno la kwanza ambalo mtu wa huko hulitoa kinywani anapomwona mtu mwingine.

Ajabu ni kwamba, katika usomi wetu wa lugha, neno hilo la kwanza tunalihesabu kuwa halina kitu. Katika makala ya leo ninanuia kuhakiki dhana hiyo. Nitafanya hivyo kwa kutumia kisa kimoja kilichonipata kama msimamizi wa tasnifu, kwa sababu bila kisa hiki huenda nami ningeendelea kufundisha kwamba salamu ni utangulizi tu wa mazungumzo.

Mwanafunzi wangu wa uzamili alikuwa akikusanya majina ya vijito na chemchemi katika vilima vilivyo karibu na Runyenjes. Alikuwa amejiandaa barabara: kibali cha utafiti alikuwa nacho, kinasa sauti alikuwa nacho, na fomu ya idhini iliyopitishwa na kamati ya maadili ya chuo alikuwa nayo. Fomu hiyo ilimwelekeza atangulize jina lake, chuo chake na lengo la utafiti, kisha aombe sahihi, na hapo tu ndipo aulize maswali. Alifuata maagizo kama yalivyo.

Alimkuta mzee wa kwanza shambani, akipalilia mibuni. Mzee alipomwona mgeni aliweka jembe chini na, kwa kuwa viganja vyake vilikuwa na udongo, akakunja ngumi na kumnyoshea kifundo cha mkono. Mwanafunzi wangu hakujua akifanyeje. Alikigusa kidogo kwa ncha za vidole, akamtazama mzee machoni kama alivyofunzwa katika semina ya mbinu za mahojiano, akasema: “Habari ya asubuhi mzee. Mimi ni mtafiti kutoka chuo kikuu, nimekuja kufanya utafiti kuhusu majina ya vijito. Naomba utie sahihi hapa.”

Mahojiano yalichukua dakika 11. Niliposikiliza kanda hiyo nilisikia “ndiyo”, “hilo sijui”, na “ilikuwa inaitwa hivyo tu”. Ilikuwa hivyo kwa wazee wanne. Katika rasimu ya sura ya nne, mwanafunzi aliandika hitimisho ambalo wengi wetu tungelipitisha bila kusita: kwamba kizazi cha wazee kimesahau asili ya majina ya mahali, na kwamba maarifa hayo yako katika hatari ya kutoweka.

Hapo ndipo nilipoona kwamba adabu si suala la adabu peke yake. Iwapo hitimisho hilo lilikuwa la uongo, basi tungekuwa tumechapisha tanzia ya watu walio hai.

Wiki mbili baadaye tulirudi kwa mzee yule yule, mwanafunzi na mimi, tukiongozwa na jirani yake, mama aliyestaafu ualimu. Jirani alitupa maagizo mawili tu njiani. La kwanza, fomu ibaki mkobani. La pili, tusiseme kilichotuleta hadi tuulizwe.

Safari hii mzee alikuwa nyumbani. Jirani alipiga hodi akiwa langoni, akamwita kwa jina la kifungua mimba wake, Baba Fulani, wala si kwa jina lake mwenyewe. Mzee akatoka. Akampa mkono jirani kwanza, halafu mimi, halafu mwanafunzi, na kisha mjukuu aliyekuwa amesimama nyuma yetu akachungulia, naye akatusalimia sote kwa zamu. Hakuna aliyerukwa. Mwanafunzi, ambaye sasa alikuwa amefunzwa, alisubiri hadi mzee atangulize mkono, akaupokea kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kigasha chake mwenyewe, na macho akayainamisha hadi kifuani pa mzee. Mazungumzo yaliendelea hivi, nami nayaandika kama yalivyosemwa, kwa Kiswahili cha huko:

“Mmeamkaje?”

“Tumeamka salama, mzee. Nyinyi mmeamka aje?”

“Tumeamka tu. Na watu wa kwenu?”

“Wako wazima. Wa hapa?”

“Wazima. Mama ameenda soko. Na mvua, huko chini imefika?”

“Ilipiga juzi, lakini kidogo tu.”

“Huku imetunyima. Mahindi yamekunja majani.”

“Pole sana. Na kahawa?”

“Kahawa inavumilia. Kwema lakini?”

“Kwema, mzee. Ila tuko na neno dogo.”

“Neno halikimbizwi. Kaeni kwanza mnywe chai.”

Tukakaa. Chai ikaja. Tulizungumza habari za barabara mpya na za mgonjwa mmoja wa mtaani. Kisha pakawa kimya. Vikombe viliondolewa, na kimya kile kikaendelea labda kwa dakika nzima. Mwanafunzi alinitazama, nami nikamkanya kwa jicho. Halafu mzee akasema: “Haya. Mlisema mko na neno.”

Tangu tubishe hodi hadi hapo zilikuwa zimepita dakika 40. Zilizofuata zilikuwa zaidi ya saa mbili. Mzee yule aliyekuwa amesahau kila kitu alitutajia vijito tisa, akaeleza kila jina, na akaonyesha kwa fimbo mahali ambapo kimoja kilihama baada ya mafuriko. Alipoulizwa kwa upole mbona mara ya kwanza hakusema haya, alijibu bila hasira: “Huyu msichana wangu alikuja na karatasi ya kuwekwa sahihi kabla sijajua ni wa nani. Na kijito ni mpaka wa shamba.”

Katika jibu hilo yako mambo ambayo vitabu vyetu vya isimu havijayasema vizuri.

Tuanze na mtu ambaye nadharia ya salamu huanza naye. Mwaka wa 1923 Bronislaw Malinowski, katika nyongeza aliyoiandika kwenye kitabu cha Ogden na Richards kuhusu maana, alieleza aina ya mazungumzo ambayo kazi yake si kuwasilisha wazo bali kuwafunga watu pamoja: kuulizana hali, kutaja hali ya hewa, kusema lililo wazi. Wanafunzi wetu huikariri dhana hiyo na kuiwekea mfano wa “Habari? Nzuri.” Malinowski aliona jambo la kweli, kwamba maneno hufunga uhusiano. Alipokosea, kwa maoni yangu, ni kudhani kwamba yakifanya kazi hiyo hayawezi kubeba habari.

Hebu turudi kwenye salamu za mzee. Katika zamu kumi na moja alikuwa amejua kwamba sisi ni wa upande wa chini, ambako mvua hunyesha tofauti. Kwamba tuliletwa na mtu anayemfahamu. Kwamba hatukuja na habari ya msiba. Kwamba tuna haja, na kwamba haja hiyo si ya dharura. Sisi nasi tulijua kwamba mke wake hayupo, kwamba msimu ni mbaya, na kwa hiyo kwamba mtu anayekuja na karatasi wakati kama huu huenda akadhaniwa kuwa ameleta msaada au ameleta balaa. Hiyo si domo tupu. Kwa hakika, maswali ya fomu kuhusu umri, makao na ukoo yalikuwa yamejibiwa nusu kabla fomu haijatolewa.

Angalia pia neno “kwema lakini?” Mtahini wa Kiswahili angeliwekea mstari mwekundu hilo “lakini” lililokaa mwishoni. Lakini katika Kiswahili cha Meru na Embu lina kazi. Maswali yote yaliyotangulia yalihusu watu, mvua na mimea. Hili ndilo swali la kwanza linalouliza juu ya ziara yenyewe, na anayeliuliza ni mwenyeji. Ndilo mlango. Mgeni huanza kwa kujibu “kwema”, hata kama ameleta jambo zito, kisha hutia “ila”. Nimewahi kumsikia mtu aliyeleta habari ya kifo akijibu “kwema kiasi”, na uso wa mwenyeji ukabadilika palepale. “Kiasi” kilikuwa kimeshasema. Hivyo basi, kiunganishi ‘ila’ katika muktadha huu si cha kupinga kauli iliyotangulia. Ni cha kugeuza mwendo, kutoka hali hadi haja. Na haja daima ni “neno dogo”, hata likiwa la posa au la deni la shamba. Udogo huo humwachia mwenyeji nafasi ya kusema ‘subiri’ bila kumvunjia mgeni uso.

Kwa hiyo kanuni niliyoiona ni hii: mgeni ndiye hutangaza kwamba ana neno, lakini mwenyeji ndiye huamua lini litasemwa. Mwanafunzi wangu hakukosea kwa kuwa na salamu fupi tu. Alikosea kwa kuchukua zamu isiyo yake.

Kimya kile cha dakika nzima nacho kina funzo. Malinowski alidai kwamba mtu anyamazaye mbele ya mgeni huleta hofu, na kwamba maneno hutolewa ili kuivunja. Huenda ni kweli langoni, kabla ya mikono kushikana. Lakini kimya cha baada ya chai si cha hofu. Ni alama kwamba salamu zimekwisha na kwamba zamu ni ya mwenyeji. Anayeingilia kati kwa kuanza kujieleza hujulikana mara moja kwamba hakulelewa huko, au ana jambo analolikimbiza.

Mtaalamu aliyetusaidia zaidi katika suala hili ni Saida Yahya-Othman wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Makala yake ya mwaka wa 1995 kuhusu salamu za Waswahili ina kichwa chenye swali la lawama, kwa maana ya ‘Kwani hutaniamkia?’ Swali hilo peke yake linaweka wazi kwamba salamu ni haki ya mtu, na kutoitoa ni kosa linaloweza kudaiwa. Nakubaliana naye. Ninachoongeza ni kwamba huku kwetu mlimani dai hilo halihusu kutoa salamu tu bali pia kuifikisha mwisho. Mwanafunzi wangu alimwamkua mzee. Hakuna awezaye kusema hakufanya hivyo. Lakini aliiacha salamu ikiwa imekatika.

Sasa tuuguse mkono wenyewe. Katika Kiswahili cha Meru na Embu, mtu akikuambia “hebu nikusalimie” huku amenyosha mkono, hakusudii maneno. Salamu ni mkono. Ndiyo sababu mwenye viganja vichafu hutoa kifundo badala ya kuomba radhi na kuuficha mkono, na mpokeaji hukishika kifundo hicho kwa uzito ule ule. Mwanafunzi alipokigusa kwa ncha za vidole, mzee aliona kwamba udongo wa shamba lake umemchukiza mgeni. Hilo alituambia baadaye akicheka, lakini siku ile hakucheka.

Mkono huo ni wa kulia, na katika Meru jambo hili lina historia nzito kuliko inavyodhaniwa. Mwaka wa 1959 Bernardo Bernardi, padri wa shirika la Konsolata na mwanaanthropolojia, alichapisha kitabu kuhusu Mugwe, kiongozi wa kiroho wa Wameru. Alieleza kwamba, miongoni mwa Waimenti, mkono wa kushoto wa Mugwe ndio ulioshika kiragu na kutumika kubariki, na kwamba ulifichwa usionekane na watu. Mwaka mmoja baadaye, Rodney Needham wa Oxford aliandika makala nzima juu ya mkono huo, akijiuliza ni kwa nini utukufu ukae upande ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa dhaifu. Kiswahili chenyewe huusema mpangilio huo tunapotaja mkono wa kuume na mkono wa kuke. Needham alijenga jumba kubwa la kinadharia juu ya taarifa za mwenzake, na sitaki kumwiga kwa kudai kwamba kijana anayeshika kigasha chake leo anamkumbuka Mugwe. Ila maelezo ya Bernardi yanatukataza kusema, kama zisemavyo baadhi ya miongozo ya adabu, kwamba mkono wa kushoto haupewi mtu kwa sababu ni mchafu basi. Katika Imenti ya zamani kulikuwa na mkono wa kushoto uliositiriwa kwa sababu ulikuwa na heshima kupita kiasi.

Kuhusu macho, semina za mahojiano, ziwe za utafiti au za kutafuta kazi, husisitiza kumtazama mtu machoni kama ishara ya ukweli na kujiamini. Kiswahili kina hukumu yake juu ya jambo hilo tangu zamani. Mtu asiye na haya huitwa mkavu wa macho. Kumkazia mtu macho ni kumtisha. Huko Meru na Embu, mdogo anapomshika mkubwa mkono hushusha macho, kisha huyainua kidogo wakati mkubwa anapozungumza, ili aonyeshe kwamba anasikiliza. Mkwe huzidisha haya hiyo mbele ya mama mkwe wake. Athari za kutolijua hili hazibaki kijijini. Nimeketi katika paneli ya kuwahoji walimu wapya ambapo msichana kutoka Tharaka alipunguziwa alama kwa kuwa “hana ujasiri, anatazama meza”. Majibu yake yalikuwa bora kuliko ya wote.

Lawama kubwa zaidi naielekeza kwetu sisi walimu wa Kiswahili. Kwa miaka mingi tumefundisha maamkuzi kama orodha ya jozi: shikamoo – marahaba, sabalkheri – aheri, alamsiki – binuru. Mtoto wa Igembe au wa Mbeere hukariri jozi hizo ili kuchagua jibu sahihi katika mtihani, ingawa hajapata kumsikia mtu yeyote akimwambia mwenzake “binuru”. Sina ugomvi na hazina ya pwani. Ni urithi wetu sote. Ugomvi wangu ni na wazo kwamba salamu ni swali moja na jibu moja. Jozi hazimfundishi mtoto ni nani huanza, salamu huendelea hadi wapi, wala jinsi ya kutoka kwenye salamu na kuingia kwenye haja. Mwanafunzi wangu alipata alama ya juu katika Kiswahili tangu shule ya msingi. Alichokosa hakijawahi kutahiniwa.

Na mara nyingine tunasahihisha kile ambacho kina mantiki. Ukimuuliza mtu wa Embu “Habari yako?” atajibu “Mzuri.” Mwalimu humkatiza: habari iko katika ngeli ya I-ZI, sema “nzuri”! Kisarufi mwalimu yuko sawa. Lakini sikiliza tena jina la ile redio. Katika Wimwaro, kilicho ‘-aro’, yaani kizuri, ni mtu, na upatanisho ni wa mtu. Naona kwamba anayejibu “mzuri” hajibu juu ya habari. Anajibu juu ya nafsi yake, kama lugha yake ya kwanza ilivyomuuliza. Mwalimu akilieleza hilo kwanza, mwanafunzi ataijifunza “nzuri” bila kudhani kwamba nyumbani kwao hawajui kusalimiana.

Ipo mipaka ya ninayoyasema. Salamu ndefu si ya kila mahali. Sokoni Makutano, mwenye foleni hataki kuulizwa habari za mvua. Vijana hutosheka na “Niaje?” – “Poa”, na baada ya kisa cha kwanza cha korona kutangazwa nchini mnamo Machi 13, 2020, hata wazee walijifunza kugotana ngumi, wengine hadi leo. Aidha, kuna ziara ambapo haja hutangulizwa na kitu badala ya neno. Huko Nyambene, posa hufika na fungu maalum la miraa liitwalo ncoolo. Kulipokea au kulikataa ni jibu tosha, na maneno hufuata.

Pia urefu peke yake si dhamana ya adabu. Dalali wa ardhi, na mwanasiasa wakati wa kampeni, huijua salamu ya huko vizuri sana. Atakuuliza mama, watoto na ng’ombe. Namna ya kumtambua ni kusikiliza kinachofuata jibu lako. Ukimwambia mahindi yamekunja majani, anayesalimu kweli atasema pole na kuuliza la kahawa; dalali atasema “safi sana” na kuendelea na swali lake la pili. Tangu Machi 9, 2018, wakati Uhuru Kenyatta na Raila Odinga waliposhikana mikono kwenye ngazi za jumba la Harambee, neno ‘handisheki’ limeingia katika Kiswahili chetu cha magazeti kwa maana ya mapatano ya wakubwa. Ni neno la haki kwa jambo lile. Lakini linaelekea kutusahaulisha kwamba kwa wengi wetu mkono haufungi mapatano. Hufungua mlango wa kuulizana kama kuna jambo la kupatana.

Je, basi tuitupe fomu ya idhini? La hasha. Mhojiwa ana haki ya kujua anaulizwa kwa nini, na mtafiti anayejificha nyuma ya chai ili apate habari bila kusema lengo ni dalali tu mwenye shahada. Ninachopendekeza ni mpangilio. Lengo lielezwe lote, waziwazi, kabla ya swali la kwanza la utafiti; lakini baada ya mwenyeji kusema “haya”. Kamati za maadili zinaweza kuliandika hilo katika sentensi moja ya mwongozo. Na pale sahihi inapomkumbusha mtu mambo ya mipaka ya mashamba, idhini itolewe kwa mdomo na inaswe.

Ndivyo tulivyofanya. Mzee alikubali kwa sauti yake kwamba maneno yake yatumike, isipokuwa jina la kijito kimoja alichotuomba tusikiandike kwa kuwa kuna kesi. Fomu alikataa katakata kuitia sahihi. Mwanafunzi wangu aliifuta ile sentensi ya kizazi kilichosahau, akarudi kwa wale wazee wengine watatu. Wawili walisimulia. Wa tatu alimkaribisha, akamsalimia kwa nusu saa, akampa chai, na hakusema “haya”. Mwanafunzi aliaga akaondoka, na katika tasnifu yake aliandika kwamba mzee huyo hakutaka kuzungumza. Hakuandika kwamba alikuwa hajui.